Karakana ya "Toa Ulicho Nacho": Tusilaumu Mifuko ya Watu, Tutazame Pango na Vipuri

Tarehe 18 Oktoba 2009, mwandishi wa habari wa Uholanzi, Martine Postma, aliandaa jijini Amsterdam kikao cha kwanza cha kile kinachojulikana sasa kama Repair Café. Mafundi wa kujitolea walikaa mezani na vifaa vyao, watu wakaleta vitu vilivyoharibika, wakatengeneza pamoja. Bei haikuwekwa. Kulikuwa na sanduku la mchango, na anayetaka kutia alitia. Leo vituo vya namna hiyo vimepita elfu mbili duniani, na sanduku lile limehamia kwenye karakana za jamii za kila aina: za baiskeli, za useremala, za cherehani, za redio na simu. Wengi wanaoanzisha karakana hizo hapa kwetu wanaliweka sanduku mlangoni siku ya kwanza, wakiamini kwamba kilichowafanikisha Waholanzi ni ukarimu wa wachangiaji. Miezi minane baadaye, mwenye nyumba anapodai kodi na sandukuni hamna kitu, hukumu inageuka: watu wetu ni wabahili, wanapenda vya bure.

Hukumu zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zote zinatazama moyo wa mtoaji. Mchango wa hiari hulipa gharama za karakana pale tu mambo mawili yanapokutana. La kwanza ni kwamba mtu mmoja zaidi akiingia, karakana isitumie zaidi ya anachoacha. La pili ni kwamba gharama zinazobaki, zile za kulipwa aje mtu asije mtu, ziwe ndogo kiasi cha kuweza kufikiwa na idadi ya watu ambao karakana inaweza kuwahudumia kwa mwezi. Repair Café ilipata yote mawili tangu mwanzo. Ukumbi ni wa kuazima kwa saa chache, mafundi hawalipwi, na kipuri kikihitajika, mwenye kitu ndiye anayekinunua. Sanduku lilikuwa na kazi ndogo ya kulipia chai, gundi na waya. Anayeiga sanduku bila kuiga mpangilio huo amechukua mfuniko akaacha sufuria.

Nianze na hoja dhaifu kuliko zote, kwamba mtu akiachiwa ajipangie bei atalipa sifuri. Ushahidi unaikataa. Watafiti Kim, Natter na Spann walichapisha mwaka 2009 matokeo ya jaribio katika mgahawa mmoja wa Frankfurt, ambako chakula cha mchana kilichouzwa kwa yuro 7.99 kiliachwa kwa bei ya hiari. Wateja walilipa wastani wa yuro 6.44. Bei ilishuka kwa karibu moja ya tano, lakini wateja waliongezeka hata mapato ya jumla yakapanda. Hao ni watu wa kawaida waliokaa mezani, wakala, kisha wakatoa pesa ambayo hakuna aliyewalazimisha kuitoa. Kwa hiyo anayesema sanduku haliwezi kufanya kazi popote amekosea. Ila matokeo hayo pia hayasemi kwamba sanduku litafanya kazi kila mahali, na hapa ndipo jaribio jingine linafundisha zaidi.

Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ayelet Gneezy na wenzake uliofanywa kwenye bustani ya michezo, ukihusisha zaidi ya watu laki moja waliopanda treni ya kuteremka kwa kasi na kupigwa picha wakiwa humo. Kwa bei ya kawaida ya dola 12.95, ni asilimia 0.5 tu walionunua picha. Bei ilipoachwa huru, walionunua walifika asilimia 8.4, na kila mmoja alitoa wastani wa dola 0.92. Tuifanye hesabu hiyo kwa kila abiria elfu moja. Kwa bei ya kawaida zinauzwa picha 5 na zinaingia dola 64.75. Kwa bei huru zinachukuliwa picha 84 na zinaingia dola 77.28. Mapato yamepanda, na mtu wa haraka atashangilia. Lakini ili kupata dola 12.53 za ziada imebidi zichapwe picha 79 zaidi, yaani kila picha ya ziada imeleta kama senti 16. Kama karatasi na wino vinagharimu zaidi ya hapo, umati ule wote umekula faida. Jibu limo kwenye gharama ya kipande kimoja zaidi, na ukarimu wa watu hauna nafasi ya kulibadilisha.

Sasa tuilete hesabu hiyo kwenye karakana. Tuchukue karakana ya baiskeli katika mji wa ukubwa wa Morogoro, mahali ambapo mtu anakuja na baiskeli yake, anapewa stendi ya kuifungia, spana na msaada wa fundi, kisha anaitengeneza kwa mikono yake. Takwimu nitakazotumia ni za mfano, na kila karakana iweke zake, ila uwiano wake ndio unaotupa mwanga. Chumba ni shilingi 150,000 kwa mwezi, umeme 20,000, usafi na ulinzi 30,000, akiba ya kununua vifaa vilivyochakaa 30,000. Fundi mkuu anapewa posho ya 15,000 kwa siku, na karakana inafunguliwa siku nane kwa mwezi, hivyo posho ni 120,000. Jumla ni 350,000, na hiyo inalipwa hata siku ya mvua ambayo hakuna aliyekuja. Juu yake kuna grisi, mafuta ya mnyororo, gundi, viraka na matambara, ambavyo tuviweke shilingi 400 kwa kila baiskeli.

Karakana ina stendi nne na inafunguliwa saa tano kila siku ya kazi, kwa hiyo ina saa 160 za stendi kwa mwezi. Kazi moja, ukijumlisha kusafisha, kufungua, kurekebisha na maelezo, inakula saa moja na robo. Uwezo wa juu kabisa ni baiskeli 128 kwa mwezi. Hakuna karakana inayojaa kila saa, basi tuseme zinapita 96, robo tatu ya uwezo.

Daftari la michango ya mwezi kama huo huwa na umbo linalojirudia: wengi wanatoa kidogo, wachache wanatoa vizuri, na sehemu fulani haitoi kitu. Tuseme kati ya watu 96, watu 30 hawakutoa, 40 walitoa kati ya shilingi 1,000 na 2,000, 20 walitoa 5,000 na 6 walitoa 10,000. Zinaingia kama 220,000. Ukigawanya kwa wote, wastani ni takriban 2,290. Ila ukiwapanga watu kwenye foleni kuanzia aliyetoa sifuri hadi aliyetoa zaidi, anayesimama katikati ametoa kama 1,500 tu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mweka hazina, kwa sababu watu sita wa elfu kumi wanabeba zaidi ya robo ya mapato yote. Watatu kati yao wakihama mji, zinaondoka shilingi 30,000 bila mtu yeyote mwingine kuwa mbahili kuliko mwezi uliopita. Ndiyo maana jumla ya sanduku peke yake haitoshi kukuambia kinachoendelea. Kila mchango uandikwe mbele ya kazi yake, hata kama jina haliandikwi.

Kosa la kwanza na kubwa kuliko yote ni kuingiza vipuri ndani ya sanduku. Mtu anakuja na tairi lililoisha upepo, mpira wa ndani umechanika kwenye valvu na kiraka hakishiki, anapewa mpira mpya kutoka kabatini na kuambiwa atoe alicho nacho. Mpira umenunuliwa kwa 6,000. Kama kazi moja kati ya tatu inahitaji kipuri cha bei hiyo, kila baiskeli kwa wastani inakula 2,000 za vipuri na 400 za grisi na gundi, jumla 2,400. Mchango wa wastani ni 2,290. Maana yake kila mtu anayeingia mlangoni anaiacha karakana na upungufu wa zaidi ya shilingi mia moja, hata kabla pango halijaguswa. Karakana ya namna hii ikisifiwa redioni na watu wakafurika, inakufa mapema zaidi. Dalili yake ni rahisi kuiona: mwezi wenye watu wengi ndio mwezi wenye deni kubwa, na kabati la mipira na minyororo linakauka kabla ya tarehe kumi na tano.

Vipuri vikitolewa sandukuni na kuuzwa kwa bei iliyobandikwa ukutani, picha inageuka. Kila baiskeli sasa inaacha 2,290 na kula 400, inabaki kama 1,890. Hapo umati unaanza kusaidia. Lakini tusishangilie bado, maana gharama ya kudumu ni 350,000, na ukiigawanya kwa 1,890 unahitaji baiskeli 186 kwa mwezi. Uwezo wa karakana ni 128. Hata ikijaa kila saa ya kila siku, mchango hautafika. Hakuna bango la kuhimiza watu litakaloziba pengo hilo, kwa kuwa ni pengo la saa na stendi.

Ondoa pango, na mambo yanakuwa mengine kabisa. Chumba kikiwa cha parokia, cha shule, cha ofisi ya serikali ya mtaa au ghala ambalo halitumiki Jumamosi, gharama ya kudumu inashuka hadi 200,000. Sasa zinahitajika baiskeli 106, ambazo zinaingia ndani ya uwezo. Kwa zile 96 tulizozichukulia, upungufu ni chini ya 20,000 kwa mwezi. Huo unaweza kuzibwa na faida ya halali kwenye vipuri: mpira ulionunuliwa 6,000 ukiuzwa 7,500, na ikauzwa 32, zinapatikana 48,000. Hapo karakana inajilipia, na fundi anapata posho yake. Barua moja ya mwenye chumba imefanya kazi ambayo wachangiaji wote 96 wasingeweza kuifanya, na kwa hiyo itafutwe kwanza, kabla sanduku halijachongwa.

Mfano wa upande wa pili upo Marekani. Kampuni ya mikahawa ya Panera ilifungua mwaka 2010 huko Clayton, Missouri, mgahawa wa kwanza wa Panera Cares, ambako mlaji alilipa alichoona kinafaa. Baadaye ikaongeza mingine, na wa mwisho, wa Boston, ulifungwa mwaka 2019. Ule wa Portland ulikuwa ukirudisha kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zake. Tazama ulivyojengwa: majengo mjini, wafanyakazi wa mshahara, na mkate na nyama vinavyonunuliwa upya kwa kila sahani. Kurudisha theluthi mbili chini ya mzigo kama huo ni ishara kwamba watu walitoa vizuri. Gharama ya kila sahani ndiyo iliyoshinda.

Wapo watakaosema hesabu hizi ni za Wazungu, sisi kuchangiana ni jadi yetu. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya ubahili na inastahili jibu la makini, kwa kuwa ni kweli kwamba familia nyingi za hapa hutoa sana kwa ajili ya harusi, misiba na matibabu. Ila tazama mchango wa harusi unavyoendeshwa. Kuna kadi, na kadi ina kiwango, singo na dabo. Kuna tarehe ya mwisho. Kuna kamati na mweka hazina mwenye daftari la ahadi, anayepiga simu mara tatu. Na kila anayetoa anajua kwamba zamu yake itafika na jina lake litatafutwa kwenye daftari lile lile. Mchango wetu una kiwango, kumbukumbu na kurudishiana. Sanduku la bati lenye tundu halina hata kimoja cha hivyo. Anayetaka kuitumia jadi ya mchango aichukue nzima: awe na wanachama wanaoahidi kiasi kwa mwezi, waandikwe, waarifiwe matumizi. Wanachama 20 wa shilingi 5,000 wanaleta 100,000 iliyo na uhakika, inyeshe mvua isinyeshe, na hiyo ni nusu ya gharama ya kudumu ya karakana yenye chumba cha bure.

Kuna tofauti nyingine kati yetu na Ulaya ambayo naona haijazungumzwa inavyostahili, nayo ni fundi wa chini ya mwembe. Mtu anapoamua atoe kiasi gani, kichwani mwake ana bei ya kulinganisha. Ulaya kazi ya mikono ni ghali, na duka la baiskeli linatoza pesa nyingi kwa kazi ndogo. Kwa hiyo mtu wa Amsterdam akitia yuro tano anahisi ameokoa, na karakana imepata kitu cha maana. Hapa fundi wa mtaani anaziba pancha kwa kitu kama buku moja, hapo hapo, wakati mteja anakunywa kahawa. Hiyo buku ndiyo bei iliyo kichwani mwa kila anayekuja karakana na pancha, na hakuna sababu ya yeye kutoa zaidi kwa kazi aliyoifanya mwenyewe kwa saa nzima. Karakana inayoishi kwa pancha imejifunga kwenye bei ambayo haiwezi kuilipa, na wakati huo huo inamnyang'anya fundi yule riziki yake. Lawama za mafundi juu ya jambo hili ni za haki.

Njia iliyopo ni kuzielekeza saa za stendi kwenye kazi ambazo mtaani hazina bei iliyozoeleka. Kunyoosha rimu iliyopinda kwenye kipimio badala ya kukisia kwa jicho huku gurudumu likizungushwa kwenye fremu. Kufungua kitovu cha gurudumu, kuosha golori kwa mafuta ya taa, kutazama kama bakuli lina vishimo, kutia grisi mpya na kukaza koni hadi gurudumu lizunguke bila kuchezacheza wala kukwama. Kumfundisha kijana kusuka gurudumu zima la spoku 36. Kazi hizo hazishindani na mwembe, zinachukua muda ambao fundi wa mtaani hana, na aliyejifunza anatoka na kitu anachokithamini kwa kipimo kingine. Pancha ipelekwe kwa fundi, tena kwa kuelekezwa kwa heshima. Na baiskeli za biashara, za kubeba maji, mkaa na abiria, ziwe na bei maalumu iliyoandikwa, kwa sababu ndizo hurudi kila wiki na kukaa kwenye stendi muda mrefu, na mwenye nayo anaingiza pesa kwa kazi hiyo.

Linabaki suala la namna ya kuomba. Sanduku la mlangoni linamwomba mtu anapoingia, kabla hajapata kitu, au anapotoka mikono ikiwa na grisi na pochi iko ndani kabisa. Aombwe akiwa bado kwenye stendi, kazi ikiwa imekwisha na gurudumu linazunguka, kwa kuonyeshwa kadi ya kazi iliyoandikwa vipuri kwa bei yake, na chini yake sentensi moja: saa moja ya stendi inaigharimu karakana shilingi elfu mbili na mia tano, toa unachoweza. Takwimu hiyo lazima iwe ya kweli, itoke kwenye hesabu kama ile ya juu, si ya kubuni ili kutisha. Lipa namba iwe imebandikwa hapo hapo, kwa sababu mwenye noti ya elfu kumi na asiye na chenji mara nyingi huishia kutotoa kabisa, na mwisho wa mwezi anaonekana kwenye daftari kama mmoja wa wale thelathini.

Hata hivyo kiwango kinachotajwa kina makali pande mbili. Katika utafiti ule wa picha, watu walipoambiwa kwamba nusu ya watakachotoa itaenda kwenye hisani, wastani uliruka kutoka dola 0.92 hadi 5.33, lakini walionunua walishuka kutoka asilimia 8.4 hadi 4.5. Karibu nusu walichagua kuondoka mikono mitupu. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu hataki kujiona ni wa kutoa kidogo kwa jambo jema, basi bora asichukue kabisa. Kwa muuza picha hilo si tatizo. Kwa karakana iliyofunguliwa ili mwanafunzi na mama muuza mboga wapate pa kutengenezea baiskeli, ni tatizo kubwa, na halionekani sandukuni, kwa kuwa aliyeona haya harudi na hahesabiwi. Kwa hiyo kila kiwango kinapobadilishwa, daftari litazamwe kwa jicho la pili: wale wa sifuri wamepungua kwa sababu wameanza kutoa, au kwa sababu wameacha kuja? Wastani ukipanda huku idadi ya sura zilizozoeleka ikishuka, kiwango kishushwe.

Na kabla ya kutangaza kwamba karakana inajitegemea, itazamwe ile akiba ya 30,000 ya vifaa. Ndiyo fungu linaloliwa la kwanza mwezi ukibana, kwa kuwa hakuna mdai anayebisha hodi kulidai. Sanduku linaweza kuonekana limelipa kila kitu kwa mwaka mzima wakati kwa kweli spana ndizo zilizolipa. Mahali pa kuangalia ni spana ya spoku na funguo za koni: zikiwa zimelika hadi zinateleza na kuviringisha pembe za niple za spoku na za koni, michango ya karakana hiyo haijawahi kutosha.